Shangazi wa Pembeni
Picha ilipigwa Kibakwe, uani kwa babu, na kamera ambayo sponji ya mlango wake wa nyuma ilishaoza. Mwanga ukapenya. Nilipoiskani, kulia kulikuwa na mchirizi wa rangi ya chungwa. Kwenye negativu yenyewe ni weusi, umevuka fremu mpaka kwenye matundu ya pembeni. Basi kosa si la skana.

Fremu ina milimita 36 kwa 24. Nikikata nne za kulia, inabaki 32 kwa 24, safi kabisa. Ila shangazi kasimama humo humo, mkono begani kwa baba. Nikikata, mkono unabaki hauna mwenyewe.

Nimekata ukungu wa juu tu, milimita moja. Baba kaiangalia kwenye simu, akauliza mbona dada yake anawaka moto.