Maua Tele, Maganda Machache

Hadi katikati ya miaka ya 1990 sikuwahi kumsikia mtu wa nyumbani kwetu akilalamika kwamba maharage yametoa maua yakakataa kuzaa. Kihamba chetu kiko Marangu, kwenye mita 1,400 hivi kutoka usawa wa bahari. Maharage ya pale hupandwa chini ya migomba na kahawa, na mvua ikinyesha vizuri huzaa. Maswali yalianza tuliposhusha sehemu kubwa ya kilimo chetu tambarare, upande wa Kahe, ambako ni kama mita 700 tu. Watoto tulikuwa tumeongezeka na kihamba ni kilekile.

Kule chini kulikuwa na maji ya mfereji, na Mama aliona ameneemeka. Angeweza kupanda Januari bila kungoja masika, akauza maharage wakati yameadimika sokoni. Alipanda Lyamungo 90, maharage mafupi yasiyotambaa, yenye punje nene za madoa. Yaliota vizuri sana. Mwishoni mwa Februari shamba lilijaa maua, na wapita njia walisimama kumpongeza. Lakini asubuhi, ukiinama, ulikuta maua yaliyopukutika yametapakaa chini ya kila shina. Mavuno yalipofika, mche mmoja ulikuwa na maganda mawili au matatu, mengine yamejikunja na kubeba punje moja.

Wengi pale kijijini walilaumu nyuki. Wakulima wa nyanya wa jirani walikuwa wakipiga dawa sana, na ni kweli nyuki walikuwa wamepungua. Baba Mdogo, aliyefuga nyuki huku juu, akashusha mzinga akautundika kwenye mti ukingoni mwa shamba. Nyuki wakaja, wakazunguka maua ya maharage msimu mzima wa kiangazi kilichofuata. Maganda hayakuongezeka.

Aliyetufungulia jambo hili alikuwa bwana shamba mmoja wa makamo, mtu wa maneno machache. Alifika jioni, jua limekaribia kuzama. Mama akamwambia, “Karibu baba, njoo uone maua yanavyotucheza.” Yeye hakugusa maua yaliyofunguka. Alichuma kitumba kilichovimba, ambacho kingefunguka kesho yake alfajiri, akakipasua kwa ukucha. Akatuonyesha kwamba ndani, kabla ya ua kufunguka, vifuko vya chavua vinakuwa vimebana kabisa kando ya ncha ya kike, vyote vimefungiwa ndani ya petali iliyojisokota. Katika maharage ya kawaida, chavua hutoka usiku wa kuamkia siku ua linapofunguka, ikaangukia palepale. Nyuki anapofika asubuhi, kazi kwa sehemu kubwa imekwisha. Akaongeza kwamba kuna maharage makubwa ya kutambaa, yenye maua mekundu ya moto, ambayo kweli humhitaji nyuki akanyage ua ndipo yazae. Haya yetu hayakuwa hayo.

“Sasa kama mume na mke wanalala chumba kimoja,” Mama akauliza, “mtoto anakosekana kwa nini?”

Akasema chavua yenyewe imekufa. Chavua ya maharage hutengenezwa siku tisa hadi kumi na mbili kabla ya ua kufunguka, wakati kitumba bado ni kidogo sana, na ndipo joto linapoiharibu. Mchana ukizidi nyuzi joto 30 ni hatari, lakini kinachoumiza zaidi ni usiku usiopoa. Usiku ukibaki juu ya nyuzi 20 hivi, vifuko vingi vya chavua havipasuki, na chavua inayotoka haina uwezo wa kutungisha mbegu. Tukaelewa kwa nini kihamba hakikutuonyesha shida hii kamwe. Kila ukishuka mita 1,000 joto hupanda kwa takriban nyuzi sita, kwa hiyo safari yetu ya mita 700 ilikuwa imetuongezea nyuzi nne. Februari na Machi ndiyo miezi ya joto kali Kilimanjaro, na maharage yaliyopandwa Januari hutoa maua hapohapo, siku 35 hadi 40 baada ya kupandwa.

Nilitafakari sana jambo moja alilolisema akiwa anaondoka: wingi wa maua ulikuwa dalili ya ugonjwa. Mharage wenye maganda machanga hupeleka chakula huko na kuacha kutoa maua mapya. Usipopata maganda huendelea kuchanua. Hata shambani penye hali nzuri, zaidi ya nusu ya maua hupukutika, na mkulima hana haja ya kushtuka. Lakini shamba linalozidi kuwa zuri machoni wiki baada ya wiki, bila ganda kuonekana, linatangaza kwamba halizai.

Mama hakukubali upesi, maana kwake maji yalikuwa jibu la kila kitu. Kiangazi kilichofuata aligawa shamba. Upande mmoja ulipata maji kila zamu yetu ya mfereji, mara moja kwa wiki. Upande wa pili akaomba zamu za shangazi, ukanyweshwa kila baada ya siku nne. Tukawa tunaokota vilivyoanguka chini na kuvipasua. Upande wenye maji machache tulikuta maua, lakini pia vijiganda vyembamba kama sindano, vilivyokwisha kutungwa vikanyauka na kudondoka. Upande wenye maji mengi vijiganda hivyo vilikuwa haba, ila maua mazima yaliyokatika kwenye kikonyo, bila dalili ya ganda ndani, yalikuwa tele kama mwenzake. Tangu hapo ndivyo tunavyopambanua. Ganda lililotungwa likaanguka lina kiu. Ua lililoanguka tupu, bila hata mwanzo wa ganda, liliunguzwa siku nyingi zilizopita, na maji ya leo hayatalifufua. Zile punje mojamoja kwenye maganda yaliyopinda zinatokana na chavua chache zilizonusurika.

Vithiripi nao huangusha maua, na samadi nyingi mno hufanya maharage yafurahie majani. Tulikagua vyote viwili, havikutuhusu.

Kilichobadilisha mavuno yetu ni kalenda. Mama akaacha kupanda Januari. Alipanda mwanzoni mwa Juni, masika yamekwisha, kwa maji yaleyale ya mfereji, ili vitumba vitungwe na maua yafunguke Julai, mwezi ambao hata tambarare watu hutafuta shuka la pili. Mbegu ileile, udongo uleule, na nyuki wachache walewale. Mche ulibeba maganda kumi na zaidi, na maua yalidumu siku chache tu kisha yakakoma. Jirani mmoja alimpa pole akidhani maharage yameshindwa kuchanua.

Mfereji wa Januari sasa tunaupelekea kunde na choroko, ambazo hustahimili joto kuliko maharage. Nimefuatilia pia kazi ya kituo cha CIAT cha Kolombia, kilichotangaza mwaka 2015 aina za maharage zinazovumilia joto, baadhi zikiwa na damu ya teperi, maharage madogo ya majangwa ya kaskazini mwa Meksiko. Ningependa kuziona Kahe, maana Julai ni mwezi mmoja tu na wenye kuhitaji maji ya mfereji siku hizo ni wengi. Mama huwa hangojei. Kila Julai, kabla maua hayajaanza, hushuka jioni kuangalia vitumba, kisha hukaa hadi usiku uingie akisikiliza ngozi yake. Akihisi baridi kwenye mikono, hurudi nyumbani ameridhika. Asipohisi, huwapigia simu wanunuzi wa mjini mapema, awaambie wasitegemee mzigo mkubwa.