Tarehe Nane

Kwa miaka sita nilikuwa karani wa mishahara asiye na neno. "Kijana, nichapie kumbukumbu za mkutano." Sawa. "Hebu nipangie hizi risiti za petroli." Sawa pia. Kazi yangu yenyewe niliishika saa moja jioni, mlinzi akichezesha funguo mlangoni.

Lakini kodi ya mishahara haingoji mtu. Ya mwezi uliopita lazima iwasilishwe na kulipwa kufikia tarehe 9. Ukichelewa kuwasilisha, faini haipungui shilingi 10,000. Mwezi wa tatu nilichelewa, eti napanga risiti za mwingine. Barua ya kujieleza niliandikiwa mimi, si mwenye risiti.

Mwezi uliofuata, tarehe 8, mkuu wa ununuzi akaniletea faili tatu. Viganja vilinitoka jasho. Nikamgeuzia kompyuta aone: wafanyakazi 84, na nambari za kodi za saba kati yao zilikuwa zinakataliwa.

"Mzee, leo siwezi. Hizi zikilala, ofisi nzima inapigwa faini. Zako labda tarehe 10, na bosi wangu akubali kwanza."

Akanyamaza. Mimi nikawa natazama kibodi tu, nikingoja kufokewa.

"Haya basi," akasema, akazibeba faili zake.

Tarehe 10 hakuja. Alikuja wiki iliyofuata, akabisha hodi (mlango ambao hakuwahi kuubisha), akasimama pale pale kizingitini.

"Karani, una nafasi lini?"