Kofia ya Mtoto Siku ya Ubatizo

Ilikuwa mwezi wa Julai, majira ya baridi na vumbi hapa Kolwezi. Sisi vijana wa shirika tulikwenda mtaa wa Kasulo kumtembelea mama mmoja aliyekuwa ameahirisha ubatizo wa mwanawe mara mbili. Mtoto alikuwa na wiki saba, naye alivikwa kofia ya sufu ndani na nje ya nyumba. Mama alipoivua, tulielewa. Utosini palikuwa na magamba ya manjano, mazito, yenye mafuta kama nta. Aliona haya kumpeleka mbele ya watu mtoto ambaye kichwa chake kingemwagiwa maji na kupakwa krisma.

Majirani walikuwa wamekwisha kutoa hukumu: ni vumbi la machimbo. Hofu yao ina msingi wake. Tangu 2014 watu wa Kasulo wamechimba kobalti chini ya nyumba zao, na mwaka 2018 watafiti wa Lubumbashi na Ubelgiji walitangaza kwamba walikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watoto wa mtaa huo. Lakini magamba haya huwapata watoto wachanga hata katika nchi zisizo na mgodi hata mmoja. Kwa Kifaransa huitwa maganda ya maziwa, ingawa maziwa nayo hayahusiki. Inadhaniwa kwamba homoni alizopokea mtoto kwa mama yake huamsha tezi za mafuta kichwani, na vijimea vidogo vinavyoishi kwenye ngozi ya kila mtu hustawi katika mafuta hayo. Si uchafu, wala hayaambukizi. Kwa kawaida huisha yenyewe kabla ya mwaka mmoja.

Muuguzi mmoja, mama wa parokia yetu, alimwonyesha namna ya kuyatunza. Alipaka vaselini kidogo juu ya magamba, akangoja robo saa yalainike. Kisha akayasugua polepole kwa brashi laini ya mtoto, akaosha kwa shampuu ya watoto, akasuuza mpaka mafuta yote yakatoka. Hapo ndipo wengi hukosea: mafuta yakibaki, magamba hushikana upya. Mama alikuwa akipaka mawese kila jioni na kuyaacha, na vijimea vile hujilisha kwa mafuta ya namna hiyo. Tena aliogopa kugusa utosi, na kwa sababu haukuoshwa, ndipo magamba yalipokuwa mazito kuliko kwingine. Kiganja chepesi hakiudhuru utosi. Kinachodhuru ni kubandua kwa kucha, kwa maana ngozi huchanika na vidonda huingia vijidudu.

Kabla hatujaondoka, muuguzi aliuliza jambo ambalo hatukulitazamia: “Mama, mtoto analala?” Analala, ananyonya, hajikuni. “Basi hayamsumbui,” akasema. “Yanatusumbua sisi tu.” Baada ya wiki mbili za kuoshwa mara tatu kwa wiki, kichwa kilikuwa karibu safi, na mtoto alibatizwa bila kofia.

Swali lile lilitufaa mwezi uliofuata. Katika nyumba nyingine tulimkuta mtoto wa miezi minne, naye ana magamba kichwani. Tulitaka kutoa shauri lile lile la vaselini. Lakini mtoto huyu hakulala. Alisugua kichwa kwenye kitenge cha mama yake usiku kucha, na viganjani na kwenye nyayo alikuwa na vipele. Mama naye alijikuna usiku katikati ya vidole, na kaka zake vivyo hivyo. Mtu alikuwa amewapa krimu ya kung’arisha ngozi yenye dawa kali ndani yake. Kwa siku chache wekundu ulipungua, huku ugonjwa ukienea. Ulikuwa upele unaoletwa na utitiri. Kwa mtu mzima aghalabu hauonekani kichwani, lakini kwa mtoto mchanga huonekana, na huweza kufanana na maganda ya maziwa. Kituo cha afya kiliwapa dawa watu wote wa nyumba siku moja, mtoto akipakwa hadi kichwani, na nguo na matandiko vikafuliwa kwa maji ya moto. Mwasho uliendelea wiki kadhaa, kama walivyoonywa, kisha ukaisha.

Tangu hapo hatuangalii rangi ya magamba peke yake. Mtoto akijikuna au kukosa usingizi, magamba yakitoa majimaji na kuganda kama asali, nywele zikikatika mahali pamoja, vikitokea malengelenge au homa, au mtoto asipoongezeka uzito, tunafunga kopo la vaselini na kumsindikiza mama kituoni siku hiyo hiyo.