Dola za Kazi na Ada ya Januari

Nyumbani kwetu Mbagala, wilayani Temeke, hatuna mshahara wa mwisho wa mwezi. Sisi, mke na mume, tunaishi kwa kazi ya tafsiri na uhariri tunayowafanyia wateja walio nje ya nchi, nao hutulipa kwa dola za Kimarekani. Mara hii dola mia mbili, mara ile mia saba. Matumizi yetu yote, hata hivyo, ni ya shilingi. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo, shule inataka ada kabla mtoto hajaingia darasani, na muuza unga hajui dola ni nini. Tangu tarehe 28 Machi 2025, kanuni za serikali zimekataza kutaja bei na kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, isipokuwa kwa mambo machache yaliyotajwa. Basi kila malipo yanapoingia, swali ni lile lile: tuzibadili leo, au tungoje?

Kwa miaka kadhaa swali hilo halikuwa na uzito. Dola moja ilikuwa kama shilingi 2,300, na tofauti ya juma hili na lile haikutosha hata nauli ya kwenda mjini. Mwaka 2023 mambo yakaanza kubadilika. Dola zikaadimika, shilingi ikashuka mwezi hata mwezi, na ilipofika mwanzoni mwa Oktoba 2024 dola ilikuwa imepita shilingi 2,700 katika soko la mabenki. Katika muda huo tulijifunza somo moja ambalo lilikuja kutugharimu: kwamba anayengoja hupata zaidi. Kila tulipochelewa kubadili, tulipata ziada kidogo, nasi tukaihesabu ziada ile kuwa ni akili yetu.

Oktoba ile tulikuwa na dola 1,800 tulizoziweka kwa makusudi mawili, kodi ya nyumba na ada za watoto wawili, vyote vikidaiwa mwanzoni mwa Januari. Jumla ya deni hilo ilikuwa shilingi 4,600,000. Benki yetu ilikuwa ikinunua dola kwa shilingi 2,690, maana yake tungepata shilingi 4,842,000. Deni lingelipika na kubaki kitu. Hatukubadili. Tulikubaliana kungoja mpaka dola ifike 2,800.

Novemba dola ikashuka kidogo, benki ikanunua kwa 2,640. Tukasema inapumua, itapanda tena. Desemba ikaporomoka kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona, na kila siku iliyopita tuliona ni hasara kuuza kwa bei ndogo kuliko ya jana, basi tukangoja tena. Tulipokwenda hatimaye, bei ilikuwa 2,390. Dola zile zile 1,800 zilitupa shilingi 4,302,000. Tofauti na ile bei ya Oktoba ni shilingi 540,000, na tulipungukiwa shilingi 298,000 katika deni letu. Kodi tulilipa. Ada ya mtoto wa pili haikutimia, naye alirejea shule majuma mawili baada ya wenzake, mpaka dada yetu wa Tegeta alipotukopesha. Mtoto alituuliza kwa nini dada yake amekwenda naye amebaki. Hatukuwa na jibu la kumpa.

Tulipotulia, tulitaka kujua kilichotokea. Dola huingia nchini mwetu kwa misimu. Watalii huja kwa wingi kuanzia Juni hadi Oktoba na tena mwishoni mwa mwaka, na korosho za Mtwara na Lindi huanza kuuzwa mnadani mwezi Oktoba. Dhahabu huuzwa mwaka mzima. Upande wa pili, dola hutoka kila siku kulipia mafuta, mbolea na mitambo. Kwa hiyo mara nyingi shilingi hudhoofika katika nusu ya kwanza ya mwaka, ikapata nguvu katika nusu ya pili. Tungalijua hilo, tungaliona kwamba kungojea dola ipande kati ya Oktoba na Desemba ni kwenda kinyume na msimu.

Hata hivyo, msimu nao si ahadi. Mwaka huo huo wa 2024, Julai mpaka Septemba watalii walikuwa wamejaa na bado dola iliendelea kupanda. Msimu hukuonyesha upande ambao upepo huelekea kuvuma. Haukwambii siku wala kiasi. Kufika Mei 2025 dola ilikuwa imerudi karibu na 2,700, kisha katika nusu ya pili ya mwaka huo ikashuka tena chini ya 2,500. Shemeji yetu alituambia, "Mngesubiri mpaka Mei msingepata hasara." Ni kweli kwa dola, si kweli kwetu. Ada ilidaiwa Januari.

Hapo ndipo tulipopata kanuni tunayoifuata hadi leo. Swali la kwanza haliulizi bei itakwendaje. Linauliza fedha hii inadaiwa lini. Fedha ambayo ina tarehe ya kudaiwa ndani ya miezi mitatu tunaihesabu kuwa ni shilingi tangu siku inapoingia, na tunaibadili kwa mafungu matatu yaliyo sawa, fungu moja kila mwezi, katika tarehe tuliyoipanga kabla, bei iwe nzuri au mbaya. Fedha isiyo na tarehe, kama ile ya kununulia kompyuta mpya siku moja, ndiyo inayoweza kubaki katika dola.

Tuirudie hesabu ya mwaka ule kwa kanuni hii. Dola 600 Oktoba kwa 2,690 ni shilingi 1,614,000. Dola 600 Novemba kwa 2,640 ni 1,584,000. Dola 600 Desemba kwa 2,390 ni 1,434,000. Jumla ni shilingi 4,632,000. Tungekosa 210,000 tukijilinganisha na aliyeuza zote Oktoba, lakini deni la 4,600,000 lingelipika lote na mtoto angekwenda shule pamoja na dada yake. Mafungu hayakupi bei bora kamwe. Yanakukinga usiangukie katika bei mbaya kuliko zote ukiwa na kila ulichonacho mkononi. Mwenye mahitaji makubwa ya lazima na akiba ndogo azidishe ukali: abadili zote siku hiyo hiyo.

Jambo la pili tulilojifunza ni kwamba bei unayoisoma katika simu siyo bei yako. Benki Kuu hutangaza kila siku bei ya kununulia, ya kuuzia na ya wastani. Wewe mwenye dola unahusika na ile ambayo benki yako au duka la kubadilishia fedha linanunulia. Bei ya wastani ikiwa 2,700 nawe ukapewa 2,640, umeacha shilingi 60 katika kila dola, yaani zaidi kidogo ya mbili katika kila mia. Kwa dola 600 hizo ni shilingi 36,000. Tulikuwa tukihangaika na bei kupanda kwa shilingi kumi, huku tukiacha sitini mlangoni. Siku hizi, siku ya fungu ikifika, tunapiga simu benki mbili na duka moja lenye leseni, tunaandika bei tatu katika daftari, ndipo tunachagua. Tunatazama pia kama mtandao unaotupitishia malipo unageuza dola kuwa shilingi wenyewe kabla hazijatufikia. Ukifanya hivyo, bei ni yao na huna la kuchagua. Akaunti ya dola benki inakurudishia uamuzi.

La tatu linagusa dini yetu. Wakati dola zilipokuwa adimu, mfanyabiashara mmoja wa Kariakoo alitutaka tumpe dola kwa shilingi 2,780 kila moja, juu kuliko benki yoyote. Sharti lake lilikuwa moja: dola tumpe Jumatatu, shilingi atuletee Ijumaa. Tulishawishika, kisha tukaona kwanza tumuulize ustadhi wa watoto wetu. Alitueleza kuwa kubadilishana fedha, ambako mafakihi hukuita sarfu, kunaruhusiwa kwa bei yoyote watakayoridhiana wawili ikiwa fedha ni za aina mbili, kama dola na shilingi, lakini kwa sharti kwamba kila upande upokee chake pale pale. Ikicheleweshwa, hata kwa siku nne, imeingia katika riba ya kuchelewesha. Isitoshe, sheria ya nchi inataka fedha za kigeni zibadilishwe kwa wenye leseni. Tulimjibu yule bwana kwa adabu kwamba hatuwezi.

Tukamuuliza pia kuhusu dada yetu wa Tegeta, ambaye alitukopesha shilingi na akasema tunaweza kumrejeshea kwa dola tukipenda. Akasema inafaa, kwa bei ya siku tunayolipa, si ya siku tuliyokopa, na tusiachane huku kimebaki kitu hakijakabidhiwa. Akatukumbusha hadithi ya Ibn Umar aliyekuwa akiuza ngamia kwa dinari na kupokea dirhamu. Tulichagua kumrejeshea shilingi zake, idadi ile ile.

Dola zile zisizo na tarehe nazo zina haki ya Mola juu yake. Zikifikia kiwango cha zaka, ambacho kwa kipimo cha dhahabu ni thamani ya gramu 85, zikiwa peke yake au pamoja na akiba nyingine, na zikapitiwa na mwaka mwandamo, tunazihesabu kwa bei ya siku ya kutoa, si ya siku tuliyozipata, na tunatoa mbili na nusu katika kila mia. Mwaka ambao dola imepanda, fungu la maskini nalo limepanda.

Januari iliyofuata watoto wote wawili walitoka asubuhi moja, wakapanda daladala moja. Siku ile dola ilikuwa juu au chini? Tumesahau, shilingi za ada zilikuwa zimekwisha kulipwa tangu Desemba. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.