Konvokasyo ya koko

Kule kwetu Lubarika, karatasi ndogo inayotoka shuleni huitwa konvokasyo, na kila mtu anajua inaleta nini: deni, adhabu, au mtoto wa mtu kapasua kichwa cha mtoto wa mtu mwingine. Kwa hiyo nilipokuwa kwenye staji katika shule moja ya msingi ya huko, na mwalimu wa darasa la tatu akaniambia nitayarishe kikao na mzazi wa binti mmoja asiyesoma kama wenzake, jambo la kwanza kuharibika lilikuwa karatasi yenyewe. Koko yake, ndiye anayemlea, alipoipata alimpa mtoto viboko viwili kabla ya kuuliza imeandikwa nini. Yeye hasomi.

Ratiba niliyokuwa nimeandika ilikuwa na vipengele vinne: matokeo ya mtoto, sababu za kushindwa, wajibu wa mzazi, mengineyo. Niliisoma tena usiku ule nikaona ni hati ya mashtaka. Nikaipasua, nikaandika nyingine iliyojaa sifa: anaimba vizuri, ana heshima, anafagia darasa bila kutumwa. Mwalimu wa darasa, mama wa makamo aliyetoka Uvira mjini, aliipitia akacheka. «Koko atatembea saa nzima kuja kusikia mjukuu wake anafagia?»

Alikuwa na haki. Sifa isiyohusu kusoma haimsaidii mtu anayeulizwa juu ya kusoma, tena humfanya asubiri pigo linalofuata. Tukakubaliana kwamba kipengele cha kwanza kiwe jambo moja ambalo mtoto anaweza *katika kusoma kwenyewe*, na tuwe na ushahidi wake mezani.

Ili nipate ushahidi huo nilikaa na binti chini ya mwembe kwa dakika kumi. Nilimpa ukurasa mmoja wa hadithi ya Kiswahili, kama maneno arobaini. Kwa dakika moja alisoma kumi na moja. Wenzake wengi niliowajaribu walipita thelathini. Kisha nikamfunulia silabi peke yake. Ma, la, ku, ti, zote alizitaja bila kusita. Alipofika kwenye mba, ndo, nya, ng'o, akasimama kama mtu aliyefika mtoni asipoona daraja. Alianza kubahatisha kwa kutazama uso wangu.

Lakini kilichonishangaza kilikuwa kwenye daftari lake la imla. Alikuwa ameandika «maama», «kuliima», «kulaala», na kila neno lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Sisi wa kitivo cha lugha tungepaswa kusimama hapo. Katika Kifuliiru urefu wa irabu hubadilisha maana, ndiyo maana tunaandika irabu mbili, kama katika jina la lugha yenyewe. Kiswahili hakina tofauti hiyo, ila mkazo wake huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi hiyo husikika ndefu kidogo. Binti alikuwa anaandika kile masikio yake yalichosikia, kwa sheria ya nyumbani. Makosa matatu, na yote matatu yalikuwa mahali pale pale pa mkazo. Mtoto asiyesikia vizuri, au asiyejua uhusiano wa sauti na herufi, hawezi kukosea kwa utaratibu wa namna hiyo. Basi tulikuwa na kipengele chetu cha kwanza, na hatukulazimika kukipamba.

Kipengele cha pili kilitusumbua zaidi: namna ya kutaja pengo. Mwalimu alitaka neno lililo kwenye fomu, «chini ya kiwango». Mimi, ambaye ningetafsiri kwa Kifuliiru, nilitaka kulizunguka, na hapo ndipo mwalimu alinikemea kwa haki. Koko akiondoka akidhani mambo ni mazuri, tutakuwa tumemdanganya kwa adabu. Tuliamua pengo litajwe mara moja, kwa kitu kinachoonekana: ukurasa huu, mwishoni mwa mwaka wa tatu mtoto anapaswa kuusoma peke yake hadi chini, leo anafika hapa. Nikaweka alama ya penseli. Hata asiyesoma anaona umbali kati ya alama na mwisho wa ukurasa.

Cha tatu kilikuwa swali, na tulikiachia nafasi kubwa kuliko vingine: wewe unaona nini nyumbani? Ratiba nyingi nilizoziona baadaye huweka swali hili mwishoni, wakati mzazi ameshachoka kusikiliza na anatafuta fimbo yake aondoke.

Koko alikuja siku isiyo ya soko. Tulimweka upande ule ule wa meza tulioketi sisi, daftari likiwa katikati. Nilipomweleza habari ya «maama», alilitamka neno kwa Kifuliiru, kisha kwa Kiswahili, akatikisa kichwa taratibu. Alipoiona alama ya penseli akanyamaza. Halafu nikauliza swali la tatu, na akajibu jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameliandika popote: mpunga ulipoanza kukomaa, binti ndiye aliyekuwa anaamia ndege.

Mwalimu alifungua rejista. Katika wiki sita hizo binti alikosa siku kumi na nne. Akafungua na daftari lake la matayarisho: wiki hizo hizo ndizo alizofundisha mba, nda, nya na ng'a. Hakukuwa na fumbo tena. Katika darasa la watoto sitini na wanane, maana tangu elimu ya msingi iwe bure Septemba 2019 madarasa kama hayo si ajabu, hakuna aliyekuwa na muda wa kurudi nyuma kwa ajili ya mmoja.

Ningependa kusema koko aliahidi kumwachisha kazi hiyo. Hakuahidi. «Ndege hawangoji ruhusa, mwalimu. Mpunga ukiliwa, atakula herufi?» Mwalimu hakubishana naye. Kipengele cha nne kilikuwa malengo ya pamoja, na pamoja ilimaanisha kwamba shule nayo itoe kitu. Shangazi wa mtoto angeamia asubuhi siku tatu za wiki. Siku mbili zilizobaki binti angebaki shambani, na mtoto wa jirani angempelekea ukurasa wa siku hiyo. Mwalimu angemhamishia dawati la mbele na kumpa dakika kumi mara tatu kwa wiki, silabi hizo nne tu, si zaidi. Kwenye imla hatapigwa mstari mwekundu kwa irabu mbili. Ataonyeshwa neno likiwa limeandikwa, basi.

Na koko? Mimi nilikuwa nimeandika «kumsaidia kusoma nyumbani», maneno ambayo kwa mtu asiyesoma ni tusi. Yeye mwenyewe ndiye aliyelirekebisha. Atamsikiliza akisoma jioni, kisha atamwambia amsimulie kwa Kifuliiru alichosoma. Akishindwa kusimulia, koko atajua kwamba alikuwa anabahatisha. Kila jioni waliyosoma, atachora mstari mmoja wa mkaa nyuma ya daftari.

Tulipanga kukutana baada ya wiki nne, na safari hii hatukutuma karatasi. Mwalimu alimwambia kwa mdomo, mlangoni. Siku hiyo binti alisoma maneno kumi na tisa kwa dakika. Alipita «ndoo» bila kusimama, akakwama kwenye «ng'ombe», akarudi akalipata. Alama mpya ya penseli ilikuwa bado mbali na mwisho wa ukurasa. Nyuma ya daftari kulikuwa na mistari ya mkaa ishirini na mmoja. Nilimuuliza koko habari ya jioni zile saba nyingine. Akasema mbili mafuta ya taa yalikwisha, na tano alikuwa amechoka yeye, si mtoto.