Bi Mwanaidi na Gauni Lake la Kijani

Bi Mwanaidi hajawahi kuishi popote. Ni bibi wa hadithi niliyemtunga mwaka 2022, mzaliwa wa Pangani aliyemfuata mwanawe Rosettenville, huku kusini mwa Johannesburg, na visa vyake vinatokea kati ya kibaraza cha nyumba ya bati, duka la Mreno na msongamano wa teksi za Mabel Street. Mimi mkate wangu naupata kwa kuhariri video za harusi. Bibi huyu ni kazi ya usiku: visa vya dakika mbili tatu, picha zikipita huku nasimulia, wanavyorushiana kwa simu Watanzania na Wakongo wa mitaa hii. Kuchora sijui, ndiyo maana Stable Diffusion ilipotolewa kwa umma Agosti mwaka ule nikaikumbatia.

Shida yake ilijitokeza kwenye picha ya pili. Niliandika bibi wa Kiswahili, mweusi, gauni la kijani, jikoni. Akatoka mama wa kupendeza. Nikaandika maneno yaleyale nikabadilisha jikoni kuwa mtaani, akatoka mwingine kabisa, mnene zaidi, mwenye kijani cha mgomba badala ya kijani cha chupa. Kwa anayejua mashine hizi zinavyofanya kazi si ajabu. Zinaanza na chenga tupu, kama televisheni iliyokosa antena, kisha zinazisafisha hatua kwa hatua kuelekea kitu kinacholingana na maneno. Wanawake wanaolingana na maneno "bibi mwenye gauni la kijani" hawana idadi, na mashine haina kumbukumbu ya yule iliyekuchorea dakika moja iliyopita.

Ushauri wa siku zile ulikuwa kufunga namba ya `seed`, yaani kuanza na chenga zilezile kila mara. Ulisaidia pale nilipobadilisha neno moja dogo tu. Ukibadilisha mandhari, chenga zilezile zinasafishwa kuelekea kwingine, na kinachobaki ni mpangilio: kichwa kiko wapi, mwanga unatoka upande gani. Uso haumo.

Aliyenifungua macho kuhusu nguo ni mama mmoja wa Uvira mwenye cherehani karibu na kwangu. Nilimwonyesha kisa kizima nikijivunia nyuso, maana kwa kuchambua picha nyingi nilikuwa nimepata zinazofanana. Akatazama mpaka mwisho, akarudisha nyuma kwa kidole.

"Kaka yangu, huyu mama ana magauni mangapi?"

"Moja tu, mama."

"Hapana. Hapa kola ni ya shati, hapa ni ya mviringo. Hapa mkono unafika kwenye kiwiko, hapa uko na kifundo. Nani alimshonea ingine njiani?"

Watazamaji wengi hawataji kola. Wanasema tu kwamba hadithi imewachanganya, au kwamba walidhani huyu ni dada yake bibi. Tangu siku ile nikawa nazipanga picha zote za kisa kwenye ukurasa mmoja, ndogondogo, na kuzikagua kama fundi: kola, urefu wa mkono, vifungo, mshono wa kiunoni, halafu ndiyo masikio na mstari wa nywele. Masikio yanafichua haraka kuliko macho, kwa kuwa macho mashine inayapamba yakafanana na ya kila mtu.

Mwaka 2023 tukaingia kwenye LoRA. Hili ni faili dogo unalolifundisha kwa picha za mhusika wako, kisha unalipachika juu ya modeli kubwa. Picha kama ishirini zinatosha, ila sharti ziwe za pembe tofauti, mwanga tofauti na mandhari tofauti. Kwa mtu asiyekuwapo, hizo ishirini zinatoka wapi? Unazalisha picha mamia, unachagua zinazokaribiana, unazirekebisha kwa mkono pua na kola, na hizo ndizo zinakuwa darasa. Kila picha inaandamana na faili la maandishi linaloeleza kilichomo, na hapo ndipo nguo inapofungwa au kuachiwa. Mfano wa mbili kati ya zangu, `bmwnd` likiwa jina la kubuni ambalo modeli haikuwahi kulikuta:

```
bmwnd woman, sitting, kitchen, smiling
bmwnd woman, black dress, standing, street
```

Katika picha ya kwanza amevaa lile gauni la kijani, ila halikutajwa. Usichokitaja mashine inakiunganisha na jina la mhusika, kama vile ni sehemu ya mwili wake. Katika ya pili gauni jeusi limetajwa, kwa hiyo linahesabiwa kuwa kitu cha kuvaa na kuvua. Wengi wanafanya kinyume: wanaeleza kila uzi wakidhani ndivyo nguo itakavyokaa, kumbe wanaifundisha mashine kwamba nguo ile ni ya hiari. Ukitaka sare ya kudumu, inyamazie. Ukitaka mhusika abadilishe mavazi, yataje yote, na katika zile picha ishirini awe amevaa ya aina nyingi.

Ule ulikuwa mwaka wa mgao mbaya wa umeme Afrika Kusini. Mafunzo yalichukua saa nzima na ushei kwenye kompyuta yangu, na umeme ulikatwa kwa saa mbili au zaidi, mara kadhaa kwa siku. Kwa hofu hiyo niliweka `--save_every_n_epochs=1`, ili kila mzunguko wa mafunzo uache faili lake na nisipoteze kila kitu. Faida yake nyingine niliigundua baadaye: nilikuwa na ngazi kumi za Bi Mwanaidi, kutoka mbichi hadi aliyeungua. Aliyeungua utamjua kwa jaribio moja. Mwambie avae gauni jeusi sokoni. Akikataa kuvua la kijani, na vigae vya jikoni vikachungulia nyuma ya mafungu ya nyanya, mafunzo yamezidi; rudi ngazi mbili tatu. Faili bora kwangu halikuwa la mwisho hata mara moja.

Bado picha za mbali zilikuwa zinaharibika, na hapa sababu ni ya hesabu tu. Stable Diffusion ya awali ilichora mraba wa pikseli 512 kwa 512, lakini ndani yake ilifanya kazi kwenye mraba uliopunguzwa mara nane, yaani 64 kwa 64. Bibi akisimama ng'ambo ya barabara, uso wake wenye upana wa pikseli 40 unabaki vyumba vitano tu. Katika vyumba vitano huwezi kuweka pua ya mtu maalumu. Dawa ilikuwa kukata kipande cha uso, kukikuza, kukichora upya kwa LoRA ileile, kisha kukirudisha kwa kukipunguza. Hata leo, mashine zikiwa na pikseli nyingi zaidi, nikiona uso wa mbali umeyeyuka siandiki maelezo mapya; nakata na kukuza.

Machi 2024 Midjourney wakaleta `--cref`: unaipa picha moja ya mhusika na inamfuata, bila mafunzo wala faili. Pamoja nayo kulikuwa na `--cw`, kuanzia 0 hadi 100. Kwenye 100 inafuata uso, nywele na nguo. Kwenye 0 inashika uso peke yake. Kwa mara ya kwanza uso na nguo vilikuwa vitu viwili ninavyoweza kuvitenganisha kwa namba. Julai yetu ni kipupwe cha baridi kavu, nyasi zimekauka kama karatasi, na bibi wa Pangani hawezi kukaa kibarazani na gauni jepesi. Nilimshushia hadi 0 nikamvisha sweta la kahawia, na picha iliyofaulu ndiyo ikawa rejea mpya ya vipindi vyote vya baridi, ikiwa kwenye 100. Ndipo nikaanza kumwekea bibi kabati: picha moja ya kiangazi, moja ya baridi, moja ya msiba.

Video ilikuja na matatizo yake. Unaipa mashine picha ya kuanzia, nayo inaiendesha kwa sekunde tano au kumi. Bi Mwanaidi alipotembea kuelekea kamera, alikuwa yeye. Alipogeuka kwenda jikoni, mgongoni gauni likaota zipu, na aliporudi alikuja na kola nyingine. Mashine inajua tu kilichoonekana kwenye fremu ya kwanza. Mgongo hakuna aliyewahi kuionyesha, basi inaubuni. Nikatengeneza karatasi ya pande zake: mbele, robo tatu, ubavu, nyuma, zote kwenye mwanga bapa na ukuta mweupe. Mama wa Uvira ndiye aliyeamua mgongo uweje. Alichora kwa chaki mshono wa kati na tai ya kufungia kiunoni, akisema gauni la mama mzima halikosi tai. Kisha nikaacha kabisa kumgeuza bibi ndani ya klipu moja. Anatoka kwenye fremu, nakata, na klipu inayofuata inaanza na picha ya mgongo. Katika video za harusi ndivyo tunavyoficha kila kasoro.

Kingine ni kuunganisha klipu kwa kuchukua fremu ya mwisho ya moja kuanzia nyingine. Inaonekana ni njia ya akili, lakini kufikia klipu ya tatu makunyanzi yamelainika, rangi zimekolea, na ngozi imeanza kung'aa kuelekea maji ya kunde. Kila klipu inarithi makosa ya iliyotangulia na kuongeza yake, na makosa hayaendi upande wowote tu, yanaelekea kwenye sura ambazo mashine imeziona kwa wingi zaidi. Bibi mweusi wa Pangani anavutwa polepole kuwa kijana na mweupe. Kwa hiyo kila klipu naianzia kwenye picha ya asili, na kando ya skrini naweka kipande cha shavu lake nikilinganisha rangi.

Mwaka 2025 mambo yalirahisika kwa kasi. Machi ikaja Runway Gen-4, ambayo baadaye ilipokea picha za rejea hadi tatu kwa pamoja: bibi, gauni, mahali. Agosti, Google wakatoa mashine ya picha iliyojulikana kwa jina la Nano Banana, unayoiambia tu imkalishe huyuhuyu kwenye kiti cha plastiki bila kumbadilisha nguo, naye anakaa. Zile LoRA za usiku wa mgao sizitumii tena. Nyuso sasa hazinisumbui sana.

Kanga ndiyo imebaki. Pindo linashika kama ni pana na la rangi mbili. Mji unashika kidogo, ingawa korosho za picha ya kwanza huenda zikawa maembe katika ya tatu. Maneno ya jina, ya Kiswahili na yaliyokunjamana kiunoni, yanavurugika kila bibi anapopumua. Nimegawa kazi: kwa mbali bibi anajifunga kanga ya pindo jeusi na mji mwekundu mtupu, isiyo na maandishi; kwa karibu, kamera ikitulia, naibandika kwa mkono picha ya kanga halisi niliyoipiga ikiwa imetandikwa sakafuni, fremu kwa fremu. Kipindi cha msiba kina klipu mbili za namna hiyo. Mama wa Uvira ameshaziona zote mbili, akaridhika na jina, lakini anadai katika moja bibi amejifunga kushoto wakati katika klipu iliyoitangulia alijifunga kulia.