Jino la mwanangu nililifunga kwenye tishu

(1)
Mama zangu, leo sina kichwa kizuri cha kuanzia, nitaanza na aibu yangu mwenyewe. Mimi ni nesi. Nina miaka kumi wodini. Na siku jino la mwanangu wa kwanza liling'oka, nililiua kwa mikono yangu nikidhani nalisafisha.

Alikuwa na miaka tisa. Jumapili mchana, wanacheza mpira uani, sakafu ni zege. Akajikwaa, akaanguka kifudifudi. Nilipofika mdomo umejaa damu, na jino la mbele la juu halipo. Tukalitafuta, tukalikuta kwenye mchanga karibu na karo. Zima kabisa, na mzizi wake.

Nikafanya nini? Nikalipeleka bombani, nikalisugua kwa sabuni na mswaki wa zamani mpaka likang'aa. Nikalifunga kwenye tishu, nikatia kwenye pochi. Nikamwogesha mtoto, nikambadilisha nguo, nikasubiri baba yake arudi na gari. Tulipofika kwa daktari wa meno yalikuwa yamepita masaa mawili na nusu.

Daktari alilifungua lile tishu akaniangalia. Hakunigombeza. Akauliza tu, "Mama, limekaa kavu muda gani?"

(2)
Swali lile ndilo somo lote la leo.

Jino halijapigiliwa kwenye mfupa kama msumari. Kati ya mzizi na mfupa kuna utando mwembamba sana, ulio hai, ndio unaolishika. Jino likichomoka zima, utando ule unachanika, nusu unabaki kwenye shimo na nusu unabaki umeng'ang'ania mzizi. Huwezi kuuona vizuri kwa macho. Jino likirudishwa mapema, zile nusu mbili zinaungana tena.

Lakini utando huo unakufa kwa kukauka. Kwenye hewa, ikifika nusu saa sehemu kubwa imeshaumia vibaya. Ikipita saa moja, tunahesabu umekufa. Na ukisugua mzizi kwa mswaki kama nilivyofanya mimi, unaukwangua wote kwa dakika moja. Mimi nilifanya yote mawili.

Daktari alilirudisha hivyo hivyo, kwa sababu mtoto bado anakua na jino lile linasaidia kutunza mfupa wa pale. Lakini aliniambia ukweli: litagandana na mfupa. Ndivyo ilivyokuwa. Sasa mwanangu ana miaka kumi na miwili. Meno ya jirani yameshuka kadiri taya linavyokua, lile limebaki juu, linaonekana fupi. Siku hizi akipigwa picha anafunga mdomo. Na taratibu mwili unaula mzizi wake, ipo siku litatoka.

(3)
Mwaka jana Mungu akanipa mtihani uleule tena. Binti wa jirani yangu, miaka minane, aliteleza kwenye ngazi za nje. Mama yake akaja mbio, mtoto mkononi, "Dada nesi, jino limetoka!"

Kwanza nilimwangalia mtoto mwenyewe. Hakupoteza fahamu, hatapiki, anajua alipo, taya linafunga na kufunguka. Angekuwa amezimia, au anatapika tapika, au anasinzia bila sababu, safari ingekuwa ya dharura hospitali kwa ajili ya kichwa, jino lingefuata baadaye. Nikampa kitambaa safi aume kuzuia damu.

Jino lilikuwa kwenye ngazi. Nililishika upande mweupe, ule tunaotafunia. Mzizi sikuugusa. Lilikuwa na vumbi kidogo, nikalimwagia maziwa kidogo kulisuuza, bila kusugua, basi.

Hapo jambo bora kuliko yote ni kulirudisha palepale kwenye shimo lake. Unalishika upande mweupe, uso wake wa mbele uangalie mdomo wa nje, unalisukuma polepole mpaka lilingane na jirani yake, kisha mtoto anauma leso safi kulishikilia mpaka mfike kwa daktari. Nilijaribu. Binti alilia, akafumba mdomo, akatikisa kichwa. Sikumlazimisha, maana mtoto anayehangaika anaweza kulimeza.

Nikaliweka kwenye kikombe, nikamimina maziwa ya pakiti mpaka yakalifunika. Maziwa ya kawaida tu, ya ng'ombe, yaliyopoa. Siyo ya moto, siyo mtindi, siyo yale mazito yenye sukari. Maziwa yanautunza ule utando kwa masaa machache, yanakununulia muda wa njiani.

Kama nyumbani hakuna maziwa na duka liko mbali, mtoto ateme mate yake kwenye kikombe, jino likae humo. Maji ya dripu nayo yanafaa. Maji ya bomba si mazuri kwa kuliloweka, lakini ukikosa vyote ni afadhali kuliko tishu kavu.

Mama yake akapiga simu njiani kuuliza kama daktari wa meno yupo. Msidharau hilo, mama zangu. Kliniki nyingi za meno hufunga jioni na wikiendi, na ukifika ukakuta kufuli umepoteza dakika zako. Tukachukua bajaji. Kutoka kuanguka mpaka kiti cha daktari, dakika arobaini, na kavu halikuzidi dakika tano.

(4)
Daktari alimchoma ganzi, akasafisha shimo, akalirudisha, akapiga eksirei. Akalifunga na majirani zake kwa waya mwembamba unaocheza kidogo, wa wiki mbili. Akaandika antibayotiki, akauliza chanjo ya pepopunda. Chakula laini siku zote hizo: uji, wali bokoboko, ndizi. Mswaki laini, kila baada ya kula.

Mtoto wa miaka minane ncha ya mzizi bado iko wazi, kwa hiyo mishipa ya damu inaweza kurudi yenyewe. Daktari akachagua kusubiri na kuangalia. Mkubwa zaidi, ambaye mzizi umeshafunga, huwa anasafishwa mshipa wa ndani ya jino ndani ya wiki hizo mbili, na kukimbia miadi hiyo ndiko kunakoharibu meno mengi yaliyookolewa vizuri siku ya kwanza.

Juzi nimemwona anakula muwa. Nimemkataza, lakini moyoni nimefurahi.

(5)
Mambo mawili ya kumalizia, maana najua mtaniuliza.

Jino la utoto halirudishwi kamwe. Ukilisukuma ndani unaweza kuumiza la ukubwani linaloota chini yake. Meno ya mbele huanza kubadilika miaka sita, saba. La utoto ni dogo na jeupe zaidi. Kama huna uhakika, usilirudishe. Liweke kwenye maziwa, nenda nalo, daktari ataamua.

Jino likivunjika kipande, kitafute kipande hicho, kiweke kwenye maziwa au maji usije ukakipoteza, nenda nacho. Mara nyingi kinaweza kubandikwa tena. Ukiona kidoa chekundu katikati ya palipovunjika, mshipa uko wazi, nendeni siku hiyohiyo. Na kama jino au kipande hakionekani popote na mtoto anakohoa au anahema vibaya, mwahisheni hospitali, huenda limeingia njia ya hewa.

Mwanangu ameisoma hii kabla sijaiposti. Amesema, "Mama, waambie wasitie kwenye pochi."

Nimewaambia.